Kabla hela haijatoka: kukagua iPhone 12 na Galaxy S21 zilizotumika

«Fundi, habari za kazi. Nimepata watu wawili wanaouza simu zilizotumika. Mmoja ana iPhone 12, anasema afya ya betri bado ni asilimia 100 na akaunti ameshaitoa. Mwingine ana Galaxy S21, anasema kioo hakina hata mkwaruzo. Nitakutana na kila mmoja kwa kama nusu saa. Nikague nini, na nianze na kipi, kabla sijalipa?»

Anza na akaunti, umalize na akaunti. Betri na kioo viweke katikati. Wanunuzi wengi huanza na kioo kwa sababu ndicho kinachoonekana, kisha kamera, kisha wanalipa. Lakini kioo kilichoharibika kinabadilishwa, na betri iliyochoka pia. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kuifuta simu hakuiondoi loki yenyewe. iPhone zina loki hii tangu iOS 7 ya mwaka 2013, na Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015. Kwenye iPhone, utambulisho wa kifaa umeandikwa kwenye kompyuta za Apple pamoja na akaunti ya mwenyewe, na kila simu inapowashwa upya baada ya kufutwa huuliza huko kwanza kama inaruhusiwa kufunguka. Kwenye Android, alama ya akaunti ya Google hubaki kwenye sehemu ya hifadhi ambayo kufuta kwa kubonyeza vitufe hakuigusi. Ndiyo maana unaweza kuifuta simu mara nyingi upendavyo na loki ikabaki palepale.

Kuna mambo ya kumwambia muuzaji kabla hamjakutana. La kwanza, asiifute simu. Aje nayo ikiwa bado inatumika, na akaunti yake ikiwa ndani. Najua wauzaji wanapenda kuileta ikiwa imeshasafishwa, na wengi wao hawana nia mbaya, lakini simu iliyofutwa haikuonyeshi kama huyu mtu ndiye anayejua neno la siri la akaunti. Huyo wa iPhone 12 aliyekwambia ameshaitoa, mwambie sawa, ila mtaifuta tena pamoja. La pili, chaji iwe kati ya asilimia 50 na 70, isiwe imejaa. Sababu nitaieleza kwenye betri. La tatu ni la mwenye iPhone peke yake: akiwa bado nyumbani aingie Settings, kisha Face ID & Passcode, azime Stolen Device Protection. Ulinzi huu ulikuja na iOS 17.3 mwaka 2024, na ukiwashwa, mtu akitaka kutoka kwenye akaunti yake akiwa mahali ambapo simu haipazoei, simu humwambia asubiri saa nzima. Nusu yako ya saa itaisha bila kufika popote, na muuzaji wa kweli ataonekana tapeli bure.

Wewe njoo na chaja na waya wako wa kila simu, laini yako yenye salio, na intaneti ya kumgawia kutoka kwenye simu yako. Usitegemee intaneti ya muuzaji. Hatua muhimu kuliko zote inahitaji simu iwe mtandaoni, na ni rahisi sana kusikia kwamba «bando limeisha» wakati huo.

Sasa mmekutana, na iPhone 12 iko mkononi mwako. Mwache muuzaji aifungue mwenyewe. Ingia Settings, tazama juu kabisa. Pakiwa na jina la mtu, hiyo ndiyo akaunti iliyomo. Muulize kwa utulivu kama ni yake na kama anakumbuka neno la siri, maana ataliandika mbele yako kabla hamjaachana. Jibu la mtu mwenye simu yake ni fupi. Jibu la «ni ya shemeji yangu, nitampigia baadaye» maana yake ukaguzi umekwisha hapohapo, hata kama shemeji yupo kweli, kwa sababu asiyekuwepo hawezi kukufungulia. Pakiandikwa kwamba hakuna aliyeingia, usifurahi bado. Simu inaweza kuwa imepitishwa njia za mkato zinazoificha loki mpaka siku itakapofutwa tena.

Bado uko hapohapo Settings, kwa hiyo soma mstari mdogo ulio juu, karibu na jina. Ukikuta maneno yanayoanza «This iPhone is supervised and managed by», simu hiyo ni ya kampuni au shule, na meneja wao anaweza kuifunga au kuifuta akiwa mbali. Nenda pia General, kisha VPN & Device Management; panapaswa kuwa hapana kitu cha usimamizi. Halafu General, About, shuka mpaka Carrier Lock. Unachotaka kusoma hapo ni «No SIM restrictions». Kikiwa kitu kingine, simu imefungwa kwa mtandao mmoja na laini yako huenda isifanye kazi. Na ukiwa kwenye About, andika pembeni IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, au ipige picha.

Kwenye Galaxy S21 mambo ni yaleyale ila yametawanyika. Kuna akaunti mbili zinazoweza kukufunga, ya Google na ya Samsung, na watu huitoa moja wakaisahau nyingine. Ingia Settings, General management, Reset, kisha bonyeza Factory data reset bila kuthibitisha chochote. Ukurasa huo ukishuka chini unaorodhesha akaunti zote zilizomo kwenye simu. Naupenda kwa sababu hauhitaji uende kutafuta menyu moja moja. Rudi nyuma, ingia Security and privacy, utafute orodha iliyoandikwa Device admin apps. Hapo ndipo simu za mkopo hujionyesha. Simu iliyochukuliwa kwa malipo ya awamu mara nyingi huwa na programu ya mkopeshaji yenye haki ya kuifunga, na programu hiyo hurudi yenyewe simu ikifutwa na kuunganishwa mtandaoni. Muuzaji anaweza kuwa mtu mwema kabisa ambaye amebakiza awamu chache. Deni likisimama, simu inayojifunga ni ile iliyo mfukoni mwako. Akikiri kuna mkopo, mlipe pamoja kwa mkopeshaji, mngoje ifunguliwe, ndipo mnunuliane.

Kwa simu zote mbili piga *#06# kwenye sehemu ya kupigia. Itatokea IMEI yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha mbili. Linganisha na ile ya kwenye Settings, na ya kwenye boksi kama boksi lipo. Zikitofautiana na boksi, huenda ni boksi la simu nyingine tu. Zikitofautiana *#06# na Settings, simu imechezewa, irudishe. Kama mamlaka ya mawasiliano au mtandao unaoutumia una njia ya kuuliza hali ya IMEI, iulize, ukikumbuka kwamba simu inaweza kuwa imezuiwa katika nchi moja na bado ikapata mtandao katika nchi nyingine, na kwamba taarifa ya wizi inaweza kuingizwa wiki moja baada ya wewe kununua. Jibu safi la IMEI ni jema, lakini halichukui nafasi ya muuzaji kuandika neno lake la siri mbele yako.

Haya, betri. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hiyo namba 100 inanisumbua.

iPhone 12 ilitoka Oktoba 2020. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali baada ya mizunguko 500 kamili ya kuchaji, katika hali nzuri. Mtu anayeitumia simu kila siku huimaliza mizunguko hiyo ndani ya miaka miwili hivi. Kwa hiyo iPhone 12 ya kwanza kutumika, yenye betri yake ya kiwandani, ikisoma 78 au 84, mimi huwa naiamini. Ikisoma 100, moja kati ya mambo mawili limetokea: betri imebadilishwa, au namba imepangwa.

Kujua lipi, ingia Settings, General, About. Kama betri, kioo au kamera imewahi kubadilishwa, iPhone 12 huonyesha sehemu iitwayo Parts and Service History. Betri ikisomeka «Genuine Apple Part», basi 100 hiyo ina maelezo, na umepata bahati. Ikisomeka «Unknown Part», huenda ni betri ya mtaani au iliyotolewa kwenye simu nyingine, na inaweza kuwa nzuri au kimeo, huwezi kujua kwa kusoma. Ila tuseme sehemu hiyo haipo kabisa na bado namba ni 100. Mafundi wana kifaa kidogo cha kuandikia upya taarifa za betri, na wengine huichomoa bodi ndogo ya betri ya zamani wakaichomelea kwenye betri mpya ili simu isigundue mabadiliko. Yote mawili hutoa namba ya kupendeza bila maelezo yoyote pembeni yake. Kwa simu ya umri huu, 100 isiyo na historia naitilia shaka kuliko 79.

Galaxy S21 haina namba ya namna hiyo. Programu ya Samsung Members ina sehemu ya Phone diagnostics, na ukibonyeza Battery status inakupa hali ya betri kwa ujumla. Itazame, lakini usiitegemee.

Ndiyo maana betri napenda kuifanyisha kazi. Ongeza mwangaza wa kioo mpaka mwisho, fungua kamera, weka video ya 4K, anza kurekodi bila kuchomeka chaja, muache irekodi dakika 10. Chaji ya katikati niliyokuambia ina sababu hii: simu iliyojaa mara nyingi hukaa kwenye 100 muda mrefu kuliko inavyostahili, na ugonjwa wa betri huanza kujitokeza ikishuka. Andika asilimia mwanzoni na kila baada ya dakika mbili tatu. Tuseme umeanza na 58. Ikienda 57, 56, 54, na mwisho wa dakika 10 iko 53 au 52, betri hiyo inashuka kama inavyotakiwa, hatua kwa hatua. Ikienda 57, 55, kisha ghafla 46, umeshaona unachotafuta. Betri iliyochoka huwa na ukinzani mkubwa ndani yake, kwa hiyo kazi nzito ikija, volti huanguka, na simu hugundua kwa ghafla kwamba kilichobaki ni kidogo kuliko ilivyodhani. Hiyohiyo ndiyo simu itakayozimika ikiwa na asilimia 25 ukiwa katikati ya maongezi. Kwenye iPhone, kama hilo lilishatokea, ukurasa wa Battery Health & Charging unaweza kuwa na maneno kwamba simu ilizimika bila kutarajiwa kwa sababu betri ilishindwa kutoa nguvu inayohitajika. Usome mpaka chini, usiishie kwenye namba.

Simu kupata joto wakati wa kurekodi ni kawaida. Kupata joto sehemu moja kiasi cha kushindwa kuishika si kawaida. Na kabla hujaiweka mezani, iangalie ubavuni dhidi ya mwanga. Kioo au mfuniko wa nyuma ukiwa umenyanyuka upande mmoja, kukiwa na mwanya unaopitisha ukucha, betri imevimba. Usiibonyeze uirudishe. Betri iliyovimba inaweza kuwaka, na simu hiyo haifai kuchajiwa wala kubebwa mfukoni mpaka betri itolewe na fundi.

Joto hilo la dakika 10 lina faida nyingine: kioo sasa kimepata moto, na baadhi ya hitilafu zake hutokea kikiwa hivyo tu. Mstari mwembamba wa kijani au wa waridi, unaosimama kutoka juu hadi chini, ni mmojawapo. Unaweza kuja na kuondoka mwanzoni, lakini hauponi.

Simu zote mbili hizi zina kioo cha OLED. Kila nukta ya kioo hicho hujiwakia yenyewe, na kadiri inavyowaka ndivyo inavyochakaa. Nukta zilizofanya kazi zaidi huwa hafifu kuliko jirani zake, na zile za bluu huchoka mapema. Ndiyo maana kioo kilichoungua hakionyeshi doa lolote la ajabu. Kinaonyesha kivuli cha kitu ambacho mwenye simu alikuwa akikitazama kila siku. Juu utaona saa na alama ya betri. Chini utaona vitufe vitatu vya kurudi nyuma. Nusu ya chini nzima inaweza kuwa na kibodi. Kwa dereva aliyeacha ramani ikiwaka kutwa, utaona kisanduku cha maelekezo.

Ukikitazama kioo hicho kikiwa na picha za kawaida hutaona kitu. «Hakina hata mkwaruzo» na «hakijaungua» ni mambo mawili tofauti kabisa, na muuzaji wako wa S21 anaweza kusema kweli la kwanza bila kulijua la pili. Fungua kwenye kivinjari picha ya kijivu kitupu, ijaze kioo kizima, punguza mwangaza mpaka karibu nusu, kisha sogea mahali pasipo na jua. Zima kwanza True Tone na Night Shift kwenye iPhone, au Eye comfort shield kwenye Galaxy, kwa sababu hizo hubadilisha rangi na zitakuchanganya. Kijivu ndicho kinachofichua zaidi. Baada yake weka nyeupe, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye Galaxy huhitaji kutafuta picha za rangi: piga *#0*# utapata menyu ya majaribio yenye Red, Green na Blue, kila moja ikijaza kioo. Juu ya nyeupe, sehemu iliyoungua hugeuka manjano kidogo au waridi. Juu ya bluu inaonekana kama imefifia.

Ukiona kivuli, geuza simu ilale. Picha itageuka, kivuli kitabaki palepale kwenye kioo, na hapo utajua si kasoro ya picha. Kisha cheza video yenye mwendo kwa dakika 5 au 10 urudie kijivu. Kuna kivuli cha muda ambacho huondoka chenyewe kioo kikipumzika, na si haki kumdai muuzaji kwa hicho. Kilichobaki baada ya hapo ni cha kudumu. Je, ni sababu ya kuikataa simu? Mimi kivuli hafifu cha saa, kinachoonekana kwenye kijivu tu, naweza kuishi nacho kama bei imeshuka. Kibodi nzima inayoonekana ukifungua ukurasa mweupe siichukui, maana utaiona kila siku na kitaendelea kuzidi.

Kuna na kioo cha kopi. iPhone 12 iliyowekewa kioo cha bei rahisi mara nyingi huwa imepewa LCD badala ya OLED. Weka picha nyeusi tupu, kifunike kioo kwa viganja au ingia gizani. OLED nyeusi huwa nyeusi kabisa, kana kwamba simu imezimwa. LCD hutoa mwanga wa kijivu, hasa pembeni. Halafu tazama kama True Tone ipo kwenye Display & Brightness; ikikosekana, na Parts and Service History ikasema kioo ni «Unknown Part», umeshajua. Kwenye S21 kipimo ni alama ya kidole. Kisomaji chake kiko chini ya kioo na hutumia mawimbi ya sauti, na vioo vingi vya kopi hukiua. Mwombe muuzaji asajili kidole kipya mbele yako. Kikikataa kusajiliwa, huenda kioo si cha kwake.

Mengine yaende haraka. Kamata alama ya programu moja, izungushe kioo kizima bila kuinua kidole. Ikidondoka mahali palepale kila mara, tachi imekufa hapo. Kwenye iPhone, Face ID isajiliwe upya, kwa sababu ikishakufa kuirekebisha ni kazi ngumu na ghali. Rekodi sauti, kisha rekodi video kwa kamera ya mbele na ya nyuma, usikilize zote, maana maikrofoni ni zaidi ya moja na moja inaweza kuwa imekufa huku nyingine ikizungumza vizuri. Weka laini yako upige simu kweli. Chomeka chaja yako, utikise waya kidogo uone kama chaji inakatika. Ukiwa umetoa kijisinia cha laini, mulika ndani kwa tochi: kwenye simu zote mbili kuna kikaratasi kidogo ambacho huwa cheupe, na hugeuka chekundu au waridi kikiguswa na maji. Kikiwa chekundu, hata kama kila kitu kinafanya kazi leo, bei ya simu hiyo si ile mliyoitaja mwanzo.

Mkifika hapa mkiwa mmeridhiana, ndipo simu ifutwe, nawe bado hujalipa. Mwenye iPhone aingie Settings, General, Transfer or Reset iPhone, abonyeze Erase All Content and Settings. Itamtaka aandike namba yake ya kufungulia na kisha neno la siri la akaunti, ili Activation Lock, ile loki ya akaunti, izimwe. Kwenye Galaxy ni ule ukurasa wa Factory data reset, baada ya kutoa akaunti ya Google na ya Samsung. Asifute kwa kubonyeza vitufe vya pembeni simu ikiwa imezimwa. Njia hiyo huiacha loki ya Google ikiwa hai, na ndiyo inayotumiwa na mtu asiyejua namba ya kufungulia simu anayoiuza.

Simu itawaka na kukukaribisha. iPhone itaandika «Hello». Hapo ndipo watu wengi hulipa, na hapo ndipo wanapoumia. Niliwahi kuletewa iPhone na mama mmoja aliyelipia alipoiona hiyo «Hello», akaizima, akaenda nayo nyumbani. Alipoiunganisha na intaneti jioni, kioo kikaandika «iPhone Locked to Owner», na namba ya muuzaji ikawa haipatikani. Hakuna nilichoweza kumfanyia. «Hello» haijui lolote kuhusu akaunti mpaka simu ifike mtandaoni.

Kwa hiyo chagua lugha, unganisha na intaneti yako, uendelee. Loki ikiwepo, itatokea muda mfupi baada ya simu kujitambulisha mtandaoni. Simu ya kampuni nayo itaandika «Remote Management» kwenye hatua zinazofuata. Zikipita zote mbili, ruka kuweka Face ID, ruka kuhamisha data, na ukiulizwa akaunti chagua kuweka baadaye. Usiingize akaunti yako kwenye simu ambayo bado si yako. Nenda mpaka uone programu zimejipanga kwenye kioo. Kwenye Galaxy, baada ya intaneti, simu yenye loki itakuambia uthibitishe akaunti iliyokuwepo au namba ya zamani ya kufungulia, bila kukupa njia ya kuruka. Simu huru itakupa neno Skip. Ikishafika mwisho, iache mtandaoni dakika chache ili programu ya mkopeshaji, kama ipo, ipate nafasi ya kurudi mkiwa bado mmekaa pamoja.

Muuzaji akikupa badala yake akaunti «niliyokutengenezea, hii hapa na neno la siri lake», ikatae. Yeye ndiye mwenye barua pepe na namba ya simu ya kurejeshea akaunti hiyo, kwa hiyo anaweza kubadilisha neno la siri wakati wowote, aifunge simu, akudai hela ya kuifungua.

Sasa lipa. Andikeni karatasi yenye majina yenu, tarehe, bei na IMEI, kila mmoja atie sahihi. Na simu isitoke tena mkononi mwako baada ya hapo, hata akikuambia anataka kukuwekea kwenye boksi au kukupangusia kioo, kwa sababu kubadilishana simu mbili zinazofanana huchukua sekunde chache. Ikiwa imeshikwa na mkono mwingine hata kidogo, piga tena *#06# kabla hajaondoka, ulinganishe tarakimu na zile ulizoandika mwanzo.